Nikitaja tundu, mteja anakimbia

Shikamoo mshauri.

Ninauza mitumba kwa picha. Nachagua, nafua, napiga picha kwa simu, naandika maelezo na kuweka mtandaoni. Sina meza wala duka, mteja haigusi nguo mpaka imfikie.

Mwanzoni niliandika kila kitu. Nina gauni la pamba rangi ya krimu, nikalitangaza hivi: "Gauni zuri ila lina madoa makwapani, lina tundu nyuma na kifungo kimoja si chake. Kama hujali, karibu." Limekaa wiki tatu. Wawili waliuliza tundu liko wapi, nikawaambia ni nyuma chini, wakanyamaza.

Mwenzangu tunayechukua naye mzigo ananicheka. Anasema mtumba ni mtumba, kila anayenunua anajua nguo ilishavaliwa. Yeye hupiga picha upande mzuri tu, na nguo zake zinaondoka. Nikajaribu njia yake kwa suruali ya jinzi iliyolika mapajani kwa ndani. Niliandika "hali nzuri", ikauzwa siku hiyohiyo. Siku ya nne mteja akanitumia picha: imepasuka alipokuwa anakaa. Hakunitukana. Aliandika tu, "Ulikuwa unajua?" Sijamjibu mpaka leo.

Kuna namna ya kusema kasoro bila kumtisha mtu? Na huyu wa jinzi nimwambie nini?

Niko Njia Panda

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo mwenzako, maana neno lake si la kutupwa lote. "Mtumba ni mtumba" ni neno lililozaliwa mezani. Pale mezani mnunuzi huigeuza nguo ndani nje, huinyanyua kwenye mwanga, huinusa kwapa, huvuta zipu mara mbili tatu, kisha ndipo aulize bei. Muuzaji anaweza kunyamaza kwa sababu mikono ya mnunuzi inasema. Kwenye picha mikono hiyo haipo. Mteja wako anaona kile tu ulichochagua kumwonyesha, kwa hiyo ile kazi ya kugeuza, kunusa na kuvuta imehamia kwako. Ndiyo maana neno hilohilo halina madhara kwenye meza, ila kwenye simu limekuletea ujumbe unaokunyima usingizi.

Lakini na wewe nikuulize jambo. Una hakika ni kasoro zilizowafukuza watu kwenye lile gauni? Lisome tena tangazo lako kwa macho ya mtu asiyelijua. Umetaja mambo matatu mabaya na hakuna hata kipimo kimoja. "Madoa makwapani" yanaweza kuwa kivuli cha manjano, au duara la kahawia lililokauka kama gundi. "Tundu nyuma" linaweza kuwa la kichwa cha pini au la kupitisha ngumi. Ukimwachia mtu nafasi ya kukisia, atakisia kubaya. Halafu hukusema kifua kina upana gani wala urefu unafika wapi, kwa hiyo hata asiyejali tundu hakuwa na namna ya kujua kama litamkaa. Na wale wawili waliouliza tundu liko wapi hawakuwa wanakimbia, mwanangu. Mtu anayekimbia haulizi. Walikuwa bado wanalitaka, ila jibu lako halikuwaongezea kitu zaidi ya tangazo.

Sasa kuhusu kasoro zenyewe. Watu wengi huzigawa kwa ukubwa, kubwa na ndogo. Mimi naona mgawanyo unaokufaa zaidi ni huu: kuna kasoro iliyotulia na kuna kasoro inayotembea. Iliyotulia ni ile itakayokuwa vilevile mwaka kesho, kama kifungo kilichobadilishwa, doa lililokwisha kukaa, alama ya dawa ya kung'arisha iliyokula rangi, au pindo lililopunguzwa. Inayotembea ni ile ambayo leo ni kidogo na wiki ijayo si kidogo tena. Mnunuzi wa mitumba huisamehe sana ya kwanza akiambiwa. Ya pili ndiyo inayomfanya akuandikie "Ulikuwa unajua?", kwa sababu alichonunua sicho alichonacho tena.

Jinzi yako ilikuwa ya aina hiyo ya pili. Kitambaa cha jinzi hufumwa kwa nyuzi za buluu zinazokwenda wima na nyuzi nyeupe zinazokatisha. Mapaja yakisuguana, za buluu hukatika kwanza na zile nyeupe hubaki zimelala peke yake. Kwa hiyo mahali hapo panaonekana pamepauka tu, kumbe nusu ya kitambaa haipo. Kuna majaribio mawili yasiyodanganya. Igeuze suruali ndani nje, uinyanyue dirishani mchana: palipolika patapitisha mwanga kuliko pembeni pake. Kisha weka vidole viwili nyuma ya kitambaa. Ukiona umbo la vidole, au ukiona mistari myeupe iliyolala bila buluu inayoivuka, pale hapangojei muda, panangojea mtu akae.

Wapo ndugu zake. Tundu kwenye sweta hutembea, kwa kuwa sweta ni vitanzi vilivyoshikana, na kitanzi kimoja kikiachia huachia na jirani yake, hasa likifuliwa kabla halijashikizwa kwa uzi. Ngozi ya bandia iliyoanza kubanduka kwenye kola au kwenye mkunjo wa kiwiko itaendelea kubanduka hata ikining'inia kabatini bila kuvaliwa, na hakuna gundi itakayoirudisha. Lastiki iliyochoka unaisikia: ivute karibu na sikio, ikialika kama kitu kikavu kinachovunjika, nyuzi za mpira ndani zinakatika na haitarudi kubana. Vitundu vidogo vilivyotawanyika kwenye sufu vinaweza kuwa kazi ya nondo. Hapo kasoro inatembea kwa maana halisi, kwa sababu wanaokula ni watoto wa nondo na wanaweza kuhamia nguo nyingine za mteja. Nguo kama hiyo hufungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa na kukaa kwenye friza kali wiki mbili hivi kabla ya kufikiria kuiuza.

Kwa hiyo unapoandika, kasoro iliyotulia inahitaji mahali ilipo, ukubwa wake, na kama inaonekana mtu akivaa. Inayotembea inahitaji hayo yote na moja zaidi: itakavyokuwa. "Mapajani kwa ndani kitambaa kimelika na kinapitisha mwanga, kitapasuka kisipowekewa kiraka." Ni sentensi moja tu. Na wapo wanaoisoma wakanunua, kwa sababu wana cherehani au wanataka jinzi ya kukata iwe kaptula. Kwa bei yake, lakini wapo.

Turudi kwenye gauni, tulifanyie kazi kama lipo mbele yetu.

Kwanza lilaze bapa karibu na dirisha, mchana, taa imezimwa. Taa yenye mwanga wa manjano huficha doa la manjano, na wauzaji wengi huandika "halina doa" kwa nia njema kabisa kwa sababu walikagua usiku. Anza shingoni ushuke, nje kwanza kisha ndani. Mishono ya kwapa na ya pembeni ishike kwa mikono miwili na uvute kidogo kuelekea pande mbili. Ukiona nyuzi za mshono zinajitokeza kama ngazi, mshono umelegea, uandike au uushone. Funga na fungua kila kifungo, maana tundu la kifungo lililopanuka huachia kifungo chenyewe mtu akiinama. Mwisho linuse likiwa limekunjwa, si likiwa limetandazwa. Harufu ya dawa ya nondo au ya sigara hukaa kwenye mikunjo, na ndiyo kasoro ambayo hakuna picha inayoweza kuionyesha.

Kisha tofautisha kinachoweza kuondoka na kisichoweza. Manjano ya kwapani kwa kawaida hayatokani na uchafu wa mwenye nguo. Ni jasho likichanganyika na madini ya alumini yaliyomo kwenye dawa nyingi za kuzuia jasho. Usiyapelekee jiki, kwani dawa yenye klorini inaweza kuyazidisha manjano na kuchosha kitambaa. Kwa pamba nyeupe au ya krimu, watu hutumia unga wa kuondoa madoa unaofanya kazi kwa oksijeni, ndani ya maji ya uvuguvugu, kwa kipimo cha pakiti, nguo ilowekwe saa kadhaa. Jaribu kwanza kwenye mshono wa ndani, na unga huo usiutumie kwa hariri wala sufu. Muhimu zaidi ni kutopiga pasi kabla hujaridhika, maana joto hulikaza doa lililokuwa bado linataka kutoka.

Hapa kuna sentensi moja ningependa uitazame upya kama umewahi kuiandika: "litatoka ukifua." Wanunuzi wazoefu wakiiona hucheka. Kama lingetoka kwa kufua, kwa nini hukulifua? Andika ulichojaribu na kilichotokea. "Nimeliloweka mara mbili, limepungua, halikuisha" humwambia mteja zaidi ya ahadi yoyote, na humwepusha kununua kwa tumaini la bure. Vivyo hivyo usilipe doa jina kama hulijui. Ukisema ni la mafuta, kumbe ni kutu, atatumia dawa ya mafuta bure. Sema rangi na ukubwa wake, inatosha.

Kwenye picha, kosa la wakweli ni tofauti na kosa la wafichaji. Mwenzako hupiga upande mzuri tu. Wewe, nadhani, ukijaribu kuwa mkweli utasogeza simu mpaka tundu la milimita nne lijaze kioo kizima, na hapo linaonekana kama pango. Picha ya karibu peke yake nayo ni uongo, ila unakuumiza wewe. Zinatakiwa mbili. Moja ya mbali inayoonyesha mgongo mzima wa gauni, kidole au kipande kidogo cha karatasi kikielekeza mahali. Nyingine ya karibu ikiwa na rula kando. Sarafu pia hufaa, ila rula haihitaji mtu ajue sarafu yenyewe ina ukubwa gani. Kwa kwapa ongeza ya tatu, gauni likiwa limevaliwa au limetundikwa mikono ikiwa chini, kwa sababu swali la kweli la mteja ni "watu wataliona?" Usiwashe taa ya simu, inafuta madoa hafifu. Na vile vipele vya nyuzi kwenye sweta huonekana tu mwanga ukitoka ubavuni, kwa hiyo geuza nguo, usigeuze ukweli.

Maneno nayo yana uzito wake. "Ndogo" si kipimo. "Kiasi" si kipimo. "Dalili za kuvaliwa" ni pazia, mteja mzoefu akiisoma anajua kuna kitu nyuma yake. Kwa upande wa pili, "limeharibika" na "bovu" ni hukumu, na hukumu ni ya mnunuzi. Yeye anaweza kuwa fundi ambaye tundu kwake si kitu. Ukiandika "tundu la milimita 4, kama kichwa cha kiberiti", umempa anachohitaji ahukumu mwenyewe. Na ile "kama hujali, karibu" ningeitazama pia. Inasikika kama adabu, lakini chini yake inamwambia mtu kwamba ni wa ajabu akilipenda gauni hili.

Tuseme umeloweka, umepima, umelishona lile tundu kwa mkono. Tangazo linaweza kuwa hivi:

"Gauni la pamba, krimu, mikono mifupi, vifungo mbele. Likilazwa bapa: kifua sm 49 kutoka kwapa hadi kwapa, kiuno sm 42, urefu sm 112 kutoka begani. Linganisha na gauni lako linalokukaa vizuri. Limefuliwa, halina harufu. Makwapani kuna manjano hafifu, kulia upana wa sm 5, kushoto sm 3. Nimeloweka mara mbili, yamepungua, hayakuisha. Hayaonekani mikono ikiwa chini, yanaonekana ukiinua mkono (picha ya 4 na ya 5). Nyuma, sm 10 juu ya pindo, palikuwa na tundu la mm 4, limeshonwa kwa uzi wa krimu, linaonekana ukilitazama kwa karibu (picha ya 6 na ya 7). Kifungo cha nne kutoka juu kimebadilishwa: kina matundu mawili, vingine vina manne. Zaidi ya hayo sikuona kasoro. Bei imeshazingatia haya."

Vipimo hivyo nimevibuni ili uone umbo, wewe weka vyako. Tazama mpangilio wake. Kasoro hazikutangulia kama ulivyofanya wewe, wala hazikusukumwa chini ya bei ambako mtu hafiki. Zimekaa baada ya vipimo, mahali ambapo msomaji ameshajua kama nguo ni yake, na kabla ya bei, ili bei aisome akiwa anajua kila kitu. Tazama pia "sikuona kasoro" badala ya "halina kasoro". La kwanza ni ushuhuda, la pili ni dhamana, na hakuna anayeweza kudhamini nguo aliyoishi nayo siku tatu. Na "bei imeshazingatia haya" imewekwa kwa sababu bila hiyo mteja atakupunguzia mara mbili, wewe umeshuka kwa ajili ya tundu, naye anakushusha tena kwa ajili ya tundu lilelile.

Usije ukadhani kuwa mrefu ndiko kuwa mkweli. Uzi mmoja uliojitokeza pindoni, kata. Ukiwa umevutika kutoka katikati ya kitambaa usiukate, uvute urudi upande wa ndani kwa sindano, kisha usahau. Lebo iliyokatwa itaje tu kama inamnyima mteja habari ya kitambaa. Nguo yenye mambo kumi na mawili yaliyoorodheshwa, kumi yakiwa ya kufuta kwa mkono, huonekana mbovu kuliko nguo yenye mawili ya kweli, na mteja hawezi tena kujua lipi ni zito.

Sasa una njia kadhaa, na kila moja ina gharama yake. Ukirekebisha kwanza kisha ukatangaza, utauza kwa bei nzuri zaidi, lakini kwa nguo ya bei ya chini saa moja ya kushona inaweza kula faida yote. Ukiuza jinsi ilivyo na maelezo kamili, unaokoa muda, ila utangoja mnunuzi wa aina fulani, na wiki tatu zinaweza kuwa tano. Ukizikusanya zenye kasoro zinazotembea na kuziuza kwa fungu kama vitambaa vya mafundi, zinaondoka haraka kwa fedha kidogo, na hakuna anayerudi kulalamika, mradi umesema ni za kukata. Njia ya mwenzako nayo ni njia, siwezi kukuambia haiuzi. Uliona mwenyewe inauza siku hiyohiyo. Ila hesabu yake haiishii siku ya kuuza. Ina nguo inayorudi, nauli ya kurudisha, na mteja ambaye angenunua tena. Mwenzako huenda hesabu hiyo hajaifanya, au ameifanya na kuona inamlipa. Hilo analijua yeye.

Kuna jambo dogo linalosaidia kwa njia yoyote utakayochagua, isipokuwa hiyo ya mwisho. Mteja akisema "nalichukua", kabla hajalipa mwandikie: "Umeona picha ya 4 mpaka ya 7?" Watu wengi hutazama picha ya kwanza na bei tu. Baadhi watajitoa hapo, na itakuuma, maana mkono ulikuwa umeshafika mfukoni. Lakini hao ndio ambao wangejitoa baada ya kupokea, na wakati huo gauni lingekuwa limesafiri mara mbili.

Nimeiacha jinzi mwisho kwa sababu nadhani ndiyo iliyokufanya uandike. Ameuliza kitu kimoja tu, na jibu lake ni neno moja. Ukimjibu "hapana", huenda ataamini, nawe utabaki na siri. Ukimjibu "ndiyo, niliona pamelika na sikuandika", anaweza kudai fedha yote, anaweza kuwaambia wengine, au anaweza kushangaa tu kwamba umejibu. Siwezi kukuahidi lipi. Ukiendelea kunyamaza, ujue kimya nacho amekwisha kukisoma.

Kama utamjibu, jiulize kabla una nini cha kumpa. Kurudisha fedha ni moja. Kurudisha sehemu yake, yeye abaki na suruali, ni nyingine. Ya tatu ni kuishona, na hapo uwe mwangalifu usimuuzie tatizo lilelile mara ya pili. Kiraka cha mapajani huwekwa kwa ndani, kitambaa chake kisiwe kizito kuliko jinzi yenyewe, na kingo zake zivuke sehemu iliyolika kwa sm 2 au 3 kila upande mpaka zishike kitambaa kizima. Ushonaji uende mbele na nyuma kwa mistari iliyokaribiana juu ya eneo lote lililolika. Mshono wa kuzunguka ukingo peke yake hautoshi, maana mpasuko huhamia palepale kiraka kinapoishia. Kagua na paja la pili hata kama halijapasuka, kwa kuwa hulika pamoja.